Siku moja maishani mwangu: fundi wa raiskuka

Saa 2 asubuhi nafungua. Ninatengeneza vyombo vya umeme vya jikoni, na watu wengi wakisikia hivyo wanadhani kazi yangu ni kubadilisha nyaya. Hadi saa 4 nimeshamaliza pasi moja, birika mbili na blenda iliyoingia maji. Hakuna la kusimulia hapo.

Saa 4 na robo anaingia mama mmoja, raiskuka kwapani, na kabla hajaiweka mezani ameshatoa hukumu: "Fundi, hii thamostati imekufa. Niwekee mpya, nina haraka."

Namuuliza inafanyaje. Anasema mwanzo ilikuwa inaruka mapema: wali una kiini, maji bado yanaonekana, swichi inajiachia tak! na taa ya kutunza joto inawaka. Baadaye ikageuka, ikawa inaunguza chini mpaka ukoko unatoka mweusi kama lami. Halafu siku moja ikazima kabisa. Akaipeleka kwa fundi mwingine, ikawaka, ila sasa inanuka plastiki.

Mtu akinieleza magonjwa matatu yanayopingana kwenye chombo kimoja, huwa siamini kwamba ni matatu. Namwambia, mama, kaa kidogo. Hakukaa. Alisimama mbele ya meza yangu saa nzima na ushee, mkoba begani, akipumua kwa nguvu.

Nafungua chini. Kitu cha kwanza ninachokiona ni kipande cha waya mtupu kimeungwa pale inapotakiwa kuwa fyuzi ya joto. Fyuzi yenyewe imeachwa inaning'inia ndani ya soksi yake ya kuzuia joto, miguu imekatwa. Ni kidude chembamba, hakifiki hata urefu wa njiti ya kiberiti, kimeandikwa nyuzi 172 na ampea 10. Ndani yake kuna tonge dogo linaloyeyuka joto likifika hapo, springi inasukuma, umeme unakatika. Inafanya kazi mara moja tu katika maisha yake. Hairudi.

"Mwenzako aliunganisha tu waya, na ikawaka," mama ananiambia, kama vile mimi ndiye ninayechelewesha mambo.

Ni kweli, itawaka. Lakini fyuzi ile haikufa bila sababu. Sahani ya joto ilipita nyuzi 172, na wali wenye maji hauwezi kuifikisha huko. Ukiweka waya, umeondoa kitu cha mwisho kinachozuia sahani isiendelee kupanda mpaka plastiki iyeyuke. Ile harufu aliyoisikia ndiyo hiyo imeanza.

Kwa hiyo nani aliipandisha? Nageuza raiskuka, natazama kwenye mwanya wa swichi. Kuna kipande cha boksi kimekunjwa, kimeungua ukingo, kimebanwa juu ya kidole cha swichi ili kisipande. Namwonesha. Ananyamaza kidogo, halafu: "Sasa ningefanyaje, na wali ulikuwa mbichi?"

Hapo nikakaa chini kumweleza, maana hilo boksi ndilo lililounganisha magonjwa yote.

Katikati ya sahani ya joto kuna kitufe kinachocheza juu chini kwa springi. Hicho ndicho thamostati. Ndani yake kuna kipande cha sumaku laini, na chini yake sumaku ya kawaida. Ukibonyeza swichi, zinashikana, na umeme unapita. Wakati maji yapo, chini ya sufuria hapapandi zaidi ya nyuzi 100, maana joto lote linaishia kwenye kuchemsha. Maji yakishanywewa na mchele, joto linapanda, na likifika kama 103 kile kipande laini kinapoteza usumaku. Springi inavuta, swichi inaruka. Raiskuka haijui kama wali umeiva. Inachojua ni kwamba chini pamekuwa na joto zaidi ya maji yanayochemka, basi.

Maana yake ni kwamba kitufe lazima kiguse sufuria. Kisipogusa, hakipati ubaridi wa zile nyuzi 100, kinaokwa na sahani iliyokizunguka, na kinafika 103 mapema huku maji yamejaa. Ndiyo inaruka na kiini ndani.

Nikachukua chaki, nikapaka sahani yote na kitufe, nikaweka sufuria na kuizungusha kidogo. Nikainua. Alama nyeupe ilikuwa upande mmoja tu, umbo la mwezi mwandamo. Katikati hakuna hata vumbi. Sufuria ilishadondoka siku za nyuma, kitako kimebonyea kwenda ndani, ukiiweka juu ya kioo katikati haigusi. Juu ya hilo, ukingoni mwa kitufe kulikuwa na punje moja ya wali iliyokauka na uji wa wanga uliogeuka kahawia, kwa hiyo hata springi yake ilikuwa inapanda kwa shida.

Thamostati haikuwa imekufa. Ilikuwa inasema ukweli wa mahali ilipo. Boksi ndilo lililoinyamazisha, wali ukaungua, fyuzi ikajitoa mhanga, waya ukamaliza kazi.

Sijui ilikuwa saa ngapi hapo. Chai ilishapoa. Nikasugua kitufe kwa kitambaa chenye unyevu na kijiti cha mti, si kwa msasa, maana ukikikwaruza kinashika uchafu zaidi. Kitako nikakinyoosha kwa nyundo ya mbao juu ya ubao bapa, pole pole, nikirudia chaki kila mara, mpaka mara ya tano alama ikaenea na ya kitufe ikatoka nyeupe nzima. Fyuzi nikaweka ya nyuzi zilezile na ampea zilezile, kwa kubana vifungo. Ukiichomelea kwa risasi, joto la chuma linaiua kabla hujafunga mfuniko. Dogo ninayemfundisha alishaniulia mbili hivyo.

Halafu jaribio. Maji matupu, robo lita, bila mchele. Maji yakiwepo haitakiwi kuruka. Yakikauka, lazima iruke. Tukasubiri kama dakika 20, mama akisema maji si wali, fundi, mimi sikuja kupika maji. Lakini ndiyo maana natumia maji: ikikaa vizuri na maji halafu ikaruka mapema na mchele, tatizo ni wanga uliotuama chini na kuganda, na dawa yake ni kuosha mchele vizuri, si bisibisi. Tone la mwisho likakauka, likatoa mlio, kisha tak.

Akaondoka bila kusema asante. Mchana wote uliobaki ni feni na redio, mgongo unaniuma, sikumbuki mpangilio.

Nimeshafunga, naosha chaki kwenye kucha, simu inaita. Ni yeye. "Fundi, wali umeiva. Ila mbona hauna ukoko kabisa? Watoto wananung'unika."

Nikamwambia auache kwenye kutunza joto nusu saa kabla ya kupakua, ushike kidogo. Na asirudishe boksi.

"Boksi nimelitupa," akasema. Kisha akanyamaza. "Kijiti cha meno je?"