"Limepokelewa" si "limekubaliwa": nilivyofupisha kurasa 43 za vikao vya tawi letu

Jumatatu jioni mwenyekiti wa tawi letu la chama cha wafanyakazi alinikabidhi mfuko wa rambo wenye madaftari mawili na karatasi zilizobanwa kwa pini. "Katibu, Ijumaa tunaingia na menejimenti. Kamati ya majadiliano tuko sita, na hakuna atakayesoma yote haya. Tupe karatasi mbili."

Nilihesabu kurasa nikiwa kwenye bajaji kutoka stesheni kwenda Mwanga, zikawa 43. Zilikuwa kumbukumbu za vikao vitatu: mkutano wa wanachama, kikao cha kwanza na menejimenti, na kikao cha pili. Mimi ni karani wa mizigo kwenye ghala moja hapa Kigoma mjini, na ukatibu wa tawi nilikuwa nao miezi miwili tu. Vikao viwili vya mwanzo viliandikwa na mtangulizi wangu, mwenye mwandiko wa daktari. Cha tatu niliandika mwenyewe, na baadaye nitaeleza kwa nini hilo halikunisaidia.

Kosa la kwanza lilikuwa kufupisha kikao kimoja kimoja kwa mpangilio wa tarehe. Hadi saa tano usiku nilikuwa na kurasa tisa, zote sahihi na zote hazina kazi. Mtu aliye mezani hataki kujua tarehe fulani kulisemwa nini. Anataka kujua kuhusu posho ya usiku tulidai nini, wao walijibu nini, na bado nini. Nikazitupa zile tisa, nikachora safu tatu kwenye karatasi ya manila: madai, majibu ya menejimenti, yaliyobaki. Kila dai likawa na mstari wake, na maelezo yake yakaja kutoka kikao chochote yalimokuwa.

Kisha nikaanza kusoma kutoka mwisho. Anayejua vikao vyetu atanielewa. Ajenda ya kwanza huwa kufungua kikao, kisha yatokanayo, kisha hotuba ndefu, na madai yenyewe yanakuja kwenye "mengineyo", watu wamechoka na wengine wamesimama mlangoni. Katika mkutano wa wanachama, madai 11 kati ya 17 niliyapata kwenye mengineyo. Na dai lililosemwa kwenye mengineyo lina tabia moja mbaya: mara nyingi haliingii kwenye yatokanayo ya kikao kinachofuata, kwa hiyo linakufa bila mtu kulikataa. Madai manne yalikuwa yamekufa hivyo, likiwemo la glavu za wapakiaji wanaobeba madumu ya mawese. Hayo kwenye safu ya majibu niliandika neno moja: hawajajibu. Nilitamani kuacha wazi, ila nafasi iliyo wazi inaonekana kama katibu alisahau, ilhali "hawajajibu" ni taarifa ambayo kamati inaweza kuitumia.

Baada ya kuunganisha yaliyofanana (choo cha ghala la pili na "mazingira machafu" kumbe ni kitu kimoja) nikabaki na madai tisa. Manane sitayasimulia. Hili la usiku ndilo lililonifundisha kazi.

Kwenye daftari lilikuwa limeandikwa hivi tu: "Posho ya usiku iongezwe." Kikao cha kwanza na menejimenti, afisa utumishi alijibu: "Sheria inasema asilimia 5, na tunalipa." Kikao cha pili, kwa mwandiko wangu mwenyewe: "Suala la usiku limekubaliwa, linasubiri bajeti."

Nikajaza safu: dai, kuongeza posho. Jibu, wamekubali. Lililobaki, tarehe ya kuanza. Nikafurahi kuona dai moja limekaribia kuisha.

Jumatano nilimpelekea rasimu mzee mmoja wa kamati, mpakiaji wa siku nyingi. Aliisoma akiwa amekaa juu ya gunia, akasimamisha kidole kwenye mstari ule. "Mwanangu, hapa wamekubali nini?"

"Posho ya usiku, mzee. Ulikuwepo."

"Nilikuwepo ndiyo maana nauliza. Meneja alisema hilo wamelipokea. Hata barua ya kufukuzwa kazi unaipokea, ukaisaini na kitabu. Kwani umeikubali?"

Nilirudi kwenye karatasi chafu nilizoandikia siku ile, kabla sijanakili vizuri daftarini. Kweli, palikuwa na "limepokelewa". Nikiwa nanakili, mkono wangu ulilipandisha cheo. Fikiria kamati ingeingia ikasema "kama mlivyokubali", kisha meneja akafungua kumbukumbu zake. Baada ya hapo hata madai yetu ya kweli yangesikilizwa kwa mashaka.

Nikarudia safu nzima ya majibu. Kanuni niliyojiwekea ni kuandika kwanza maneno yenyewe ya aliyejibu, ndani ya alama za kunukuu, cheo chake na ukurasa. Chini yake ndipo naweka hukumu yangu, na hukumu ni moja kati ya nne: wamekubali, wamekataa, wameahirisha, hawajajibu. Kiswahili cha ofisini kina maneno mengi ya kumwondoa mtu mlangoni akiwa anatabasamu. "Tumelipokea", "tutaliangalia", "lipo kwenye mchakato", "kimsingi hatuna tatizo": yote haya niliyaweka kwenye wameahirisha. "Wamekubali" nililibakiza pale tu aliyejibu alipotaja kitu, kiasi na tarehe. Hata hapo nilikuwa naazima neno, kwa sababu Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, kifungu cha 71, inataka mkataba wa hali bora uwe wa maandishi na usainiwe na pande zote. Kabla ya rasimu hii nilikuwa na "wamekubali" tano. Baada ya kurudia zilibaki mbili.

Lakini bado lilinisumbua lile "tunalipa". Kama wanalipa asilimia 5, watu wanalalamika nini? Nikawaomba wapakiaji watatu wa zamu ya usiku waniletee hati zao za mshahara, nikakaa nazo pamoja na kitabu cha mahudhurio.

Zamu inaanza saa 2 usiku na kuisha saa 12 asubuhi, na mapumziko ya saa moja katikati. Kwa sheria, usiku ni kuanzia saa 2 usiku hadi saa 12 asubuhi, kwa hiyo zamu yote ni ya usiku. Hati za mshahara zilionyesha kampuni inaanza kuhesabu saa 4. Saa mbili za mwanzo zilikuwa zinalipwa kama mchana.

Mmoja wao mshahara wake wa msingi ni shilingi 312,000 kwa mwezi. Wiki ya kawaida ni saa 45, na mwezi unahesabiwa kuwa wiki 4.333, yaani kama saa 195. Ukigawa, saa yake moja ni shilingi 1,600. Asilimia 5 ya hapo ni shilingi 80. Saa mbili kwa usiku ni 160, na mwezi ule alifanya zamu 13, kwa hiyo alipunjwa shilingi 2,080. Si hela ya kumfanya mtu apige kelele mkutanoni, na pengine ndiyo maana hakuna aliyeieleza vizuri. Wapakiaji wa zamu hiyo ni 34. Wakiwa wote kwenye mshahara na zamu kama hizo, ni shilingi 70,720 kwa mwezi.

Kwa hiyo ule mstari mmoja ulikuwa madai matatu yaliyofungwa kwenye kanga moja. La kwanza: saa 2 hadi saa 4 zihesabiwe, na malimbikizo yalipwe. La pili: asilimia ipande kutoka 5 hadi 10. La tatu, nililolikuta ukurasa wa 14 kwenye maneno ya dada mmoja wa usafi: gari la kuwarudisha Gungu na Katubuka wanaotoka katikati ya usiku kazi ikiisha mapema.

Kuyatenganisha si suala la unadhifu. La kwanza ni haki ambayo sheria imekwisha kuitoa. Haliombwi wala halipunguzwi mezani, na likikataliwa linapelekwa Tume ya Usuluhishi na Uamuzi kama lalamiko. La pili ni masilahi: sheria imeweka kiwango cha chini, na kilicho juu yake kinapatikana kwa kujadiliana. Ukiyaweka kwenye mstari mmoja, menejimenti itakupa haki yako kama zawadi, kisha ikuambie zamu yako sasa kulegeza kwenye asilimia. Na lile jibu la "sheria inasema asilimia 5, na tunalipa" halikuwa uongo mtupu. Lilijibu dai la pili huku dai la kwanza likiwa halijaulizwa na mtu.

Safu ya yaliyobaki nayo ilibadilika. Mwanzo nilikuwa naandika "bado" au "linaendelea". Sasa kila mstari ulisema kinachokosekana na nani anakidaiwa. Kwa dai la kwanza: "Menejimenti ilete orodha ya mahudhurio na malipo ya zamu ya usiku." Chama kilichotambuliwa kina haki ya kudai taarifa zinazohitajika kwa majadiliano, kifungu cha 70, nami niliandika namba ya kifungu pembeni ili msemaji asitafutetafute. Kwa dai la tatu mdaiwa tulikuwa sisi: hatukuwa na idadi ya wanaoishi mbali. Hilo nililiandika pia, ingawa mwenyekiti hakulipenda.

Vitu viwili sikuvitia kabisa. Majina ya wanachama waliolalamika, kwa sababu karatasi husahaulika mezani. Na asilimia ambayo kamati ingeikubali kama 10 ingeshindikana, kwa sababu hiyohiyo. Hiyo waliibeba kichwani.

Alhamisi usiku nilichapisha kwenye duka la stesheneri karibu na soko la Mwanga: kurasa mbili na nusu. Mwenyekiti alisema nimezidisha nusu. Nikamwambia apunguze mwenyewe, akairudisha mezani.

Ijumaa, dai la kwanza lilichukua chini ya dakika ishirini. Afisa utumishi aliangalia hati tatu za mshahara, akanong'ona na mhasibu, wakakubali kuhesabu kuanzia saa 2, na tukaomba iandikwe na kusainiwa palepale. Malimbikizo walitaka kuhakiki kwanza. Asilimia 10 waliikataa, na tukaacha hivyo kwa kikao kijacho.

Tulipofika kwenye gari la usiku, meneja aliegemea kiti akasema, "Hilo tumelichukua."

Mzee wa kamati alinigeukia. "Katibu, unaandika nini hapo?"

Nikainua kalamu, nikamwuliza meneja moja kwa moja kama niandike wamekubali au wameahirisha. Alicheka, akamtazama mhasibu, kisha akasema, "Andika tumeahirisha. Mtuletee idadi yenu, tutajibu wiki mbili baada ya hapo."

Nikaandika hivyo hivyo, kwa alama za kunukuu.