Siku moja maishani mwangu: hifadhidata iliyouawa saa 12:41 asubuhi

Saa 1:15 asubuhi. Simu inaita nikiwa bado kwenye daladala. Ni mhasibu wa ushirika wa akiba na mikopo ninaoutunzia seva. "Kaka, shikamoo ya simu utanisamehe, wanachama wanapiga kelele. Mfumo ulikata, ukarudi, sasa umekata tena." Ni mwisho wa mwezi, mishahara imeingia na kila mtu anataka kuona salio lake. Namwomba asiguse chochote hadi nifike mezani.

Saa 2:00. Seva yenyewe ni ndogo: gigabaiti 2 za kumbukumbu, Debian, nginx, PHP-FPM na MariaDB, zote chini ya paa moja. Naanza na logi ya MariaDB. Hamna neno lolote la kuaga. Mistari ya kawaida ya usiku, kisha ghafla inawaka upya na kuandika `Starting crash recovery`. Hifadhidata iliyozimwa kistaarabu huacha maelezo ya kuzima, na iliyoanguka kwa kosa lake huacha alama za kuanguka. Hii imekatwa kwa nje. Nahamia logi ya keneli:

```
journalctl -k | grep -iE 'oom|killed process'
```

Jibu lipo, nimelipunguza kidogo:

```
03:41:07 php-fpm8.2 invoked oom-killer
03:41:07 Out of memory: Killed process 741 (mariadbd)
         anon-rss:1382940kB oom_score_adj:0
```

Seva inasoma saa za UTC, kwa hiyo 03:41 hiyo ni saa 12:41 asubuhi kwetu. Wengi hupotea hapa kwa kutafuta tukio kwenye saa isiyo yake.

Mistari hii inasomwa kwa utaratibu. Aliyeomba kumbukumbu na kuikosa ni PHP, lakini aliyeuawa ni MariaDB. Keneli haitafuti mwenye kosa. Inampa kila mmoja alama kulingana na kumbukumbu anayoishikilia, na mwenye alama kubwa ndiye anayekatwa, kwa sababu kumwondoa yeye kunaokoa nafasi kubwa kwa mara moja. MariaDB ilikuwa imeshika MB 1350 hivi. Kwenye mashine kama hii hifadhidata karibu kila mara ndiyo itakayouawa, hata kama fujo imeanzia kwingine.

Saa 3:20. Sasa napima badala ya kubahatisha. Juu ya mstari wa mauaji keneli huacha orodha ya michakato yote iliyokuwa hai. Safu ya `rss` pale imehesabiwa kwa kurasa za kB 4, kwa hiyo 11,500 ni MB 45. Michakato ya PHP ilikuwa 11, kila mmoja karibu na MB 45. Jumla 495. Ongeza 1350 za MariaDB, kisha ongeza mfumo wenyewe, na MB 1963 ambazo `free -m` inazionyesha zimekwisha. (Hizo 45 zimezidi ukweli kidogo, maana michakato ya PHP inashirikiana sehemu ya kumbukumbu. Kwa mpango wa seva ndogo napenda kukosea upande huo.)

Kwenye mipangilio nakuta `innodb_buffer_pool_size = 1400M`, ukubwa wa bufa ambamo MariaDB huweka data iliyosomwa kutoka diskini. Najua ilikotoka: ule ushauri unaozunguka wa kuipa hifadhidata asilimia 70 au 80 ya kumbukumbu. Ushauri ni sahihi kwa seva ambayo hifadhidata inakaa peke yake. Hapa kuna mpangaji mwingine, PHP, na `pm.max_children` yake, idadi ya juu ya michakato, imeandikwa 30. Mara 45, ni MB 1350. Kwa maneno mengine seva imeahidi vitu viwili vikubwa kwa watu wawili, na kimoja tu ndicho kipo.

Saa 4:30. Mhasibu anauliza kwa nini basi haikufa siku ya kwanza. Ni swali zuri kuliko anavyodhani. Ile bufa haichukui kumbukumbu yote inapowashwa, inajaa kadiri kurasa za data zinavyosomwa kutoka diskini. Data yao ni gigabaiti 2.3, kwa hiyo baada ya siku kadhaa inakaribia kujaa, na mwisho wa mwezi PHP inaongeza michakato. Ukiiwasha upya inaonekana imepona, kumbe inaanza tu kujaa tena.

Saa 6:00. Hesabu, kwenye karatasi. Naanza na 1963. Natoa 280 za mfumo na nginx. Natoa 250 nyingine nisiziguse kabisa: hizo ni za kachi ya faili na dharura, kama nakala rudufu ya usiku. Zinabaki 1433.

PHP kwanza, kwa sababu ndiyo inayoamua wangapi watagonga hifadhidata. Logi ya nginx inaonyesha kilele cha maombi 20 kwa sekunde, na ombi la kawaida linachukua sekunde 0.08. Hiyo ni wastani wa michakato isiyofika miwili yenye kazi. Ripoti nzito huchukua sekunde tatu, kwa hiyo naweka 12 na bado pana nafasi. 12 mara 45 ni 540, zinabaki 893 za MariaDB.

Katika hizo, MB 120 ni za kuendesha MariaDB yenyewe. Miunganisho naipunguza kutoka 151 ya kiwandani hadi 25, na kila mmoja naukadiria MB 3, maana bufa ya kupanga peke yake ni MB 2. Hiyo ni 75. Bufa kuu ikiwa 640, na gharama yake ya ziada kama 50, jumla ni 885. Inaingia.

```
[mariadbd]
innodb_buffer_pool_size = 640M
max_connections = 25
```

Saa 8:00 mchana. Bosi wangu anasema tununue seva ya gigabaiti 4 yaishe. Namwambia tutanunua takwimu zikisema, ila kwa ushauri ule ule wa asilimia 70, PHP 30 na data inayokua zingeijaza nayo. Amekubali kwa shingo upande.

Saa 11:30 jioni. Wanachama wamepungua, nawasha upya huduma zote mbili. Bufa ingeweza kubadilishwa bila kuzima, lakini kumbukumbu iliyoachiwa huenda isirudi yote kwa mfumo, kwa hiyo naona ni heri kuzima. Naongeza pia faili la `swap` la gigabaiti 1, maana seva ilikuja bila hilo. Si la kuishi humo, ni la kununua dakika chache kabla ya mauaji.

Kabla ya kuziwasha nimeandika pia, kwa `systemctl edit mariadb`:

```
[Service]
OOMScoreAdjust=-500
```

Kwenye huduma ya `php8.2-fpm` naongeza vivyo hivyo `OOMPolicy=continue`, la sivyo systemd ingeizima yote mchakato mmoja ukiuawa. Ikitokea tena, keneli itaelekea kukata mchakato mmoja wa PHP, ambao msimamizi wake atauzaa upya, na mwanachama mmoja ataona kosa badala ya wote. Wapo wanaoweka mstari huu peke yake na kuondoka. Hesabu ikiwa bado imezidi, umebadilisha tu wa kuuawa.

Saa 2:40 usiku. Nasukuma maombi ya majaribio kwa kasi ya kilele. `vmstat 1` inaonyesha `si` na `so` zikikaa kwenye sifuri, na `available` ya `free -m` haijashuka chini ya MB 300, ingawa bufa bado haijajaa. Namba ninayoifuatilia kesho ni `Innodb_buffer_pool_reads` dhidi ya `Innodb_buffer_pool_read_requests`: bufa ikishapata joto, usomaji wa diskini ukibaki chini ya 1 kwa 100, 640 zinatosha. Ukipanda na kurasa zikaanza kuchelewa, hapo ndipo nitarudi kwa bosi na ile seva yake ya gigabaiti 4.