Grafu safi, mota ya moto

Siku tatu nimegombana na mota moja ya sumaku ya kudumu, na leo usiku ndiyo nimejua kosa lilikuwa langu. Nimeona niandike kabla sijasahau nilivyodanganywa.

Dalili zilikuwa hivi. Mota ilizunguka, haikutetemeka wala kupiga kelele, lakini ilichemka hata kwa kazi ndogo. Tena nikiiachia volti yote ilikimbia zaidi kwenda mbele kuliko kurudi nyuma. Kwenye skrini kila kitu kilikuwa shwari: mkondo `id` umelala kwenye sifuri, mkondo `iq` unafuata amri kama kivuli. Nikalaumu mota.

Kwa asiyezoea: mikondo mitatu ya stata hupanda na kushuka muda wote, na kuidhibiti hivyo ni taabu. Kwa hiyo tunahamia juu ya rota na kuzunguka nayo. Hesabu yenyewe ni ya mhandisi Park, ya mwaka 1929. Ukishafupisha mikondo mitatu kuwa miwili, `i_alpha` na `i_beta`, na kujua pembe ya rota, `theta`, kwenye programu ni mistari miwili tu:

```
id =  i_alpha*cos(theta) + i_beta*sin(theta);
iq = -i_alpha*sin(theta) + i_beta*cos(theta);
```

Ukikaa juu ya rota, mikondo ile inayoyumba inatulia na kuwa namba mbili. `id` inaelekea sawasawa na sumaku ya rota, kazi yake ni kuongeza au kupunguza usumaku. `iq` inakaa digrii 90 kutoka hapo, nayo ndiyo inayozungusha. Kwa mota kama yangu, yenye sumaku zilizobandikwa juu ya rota, `id` ya kawaida ni sifuri, maana ingekuwa joto la bure.

Sasa tazama ile `theta`. Zote mbili zinategemea pembe hiyo, na pembe inatoka kwenye enkoda, kihisi kinachosoma mzunguko wa shafti. Ikiwa imekosewa, kidhibiti kinapima kwa rula iliyopinda, kisha kinasahihisha kwa rula hiyohiyo. Kitaona `id` ni sifuri na kuridhika. Grafu zangu hazikuwa na uongo wa makusudi, zilikuwa zinaeleza habari za mhimili ambao haukuwa wa rota.

Mwenzangu aliniuliza swali moja tu: "Umewahi kuizungusha kutoka nje, mikondo ikiwa sifuri, ukasoma volti?" Sikuwahi. Nikaitoa giaboksi kwenye mota, nikafunga drili kwenye shafti, nikaamuru `id` na `iq` zote ziwe sifuri. Hapo kinachobaki ni volti inayozalishwa na sumaku yenyewe, na hiyo lazima yote iwe kwenye mhimili wa q, ule wa `iq`. Yangu ilisoma volti 5.2 kwenye mhimili huo, yaani `vq`, na volti 3.0 kwenye ule wa `id`, yaani `vd`. Ukigawa 3.0 kwa 5.2 na kutafuta pembe yake, unapata digrii 30.

Digrii 30 za umeme, si za shafti. Mota ina jozi 7 za ncha, yaani mizunguko 7 ya umeme kwa mzunguko mmoja wa shafti, kwa hiyo kwenye shafti ni kama digrii 4.3 tu, kitu ambacho jicho halioni. Lakini kosini ya 30 ni 0.87. Kupata nguvu ileile ya kuzungusha nilihitaji mkondo mkubwa zaidi kwa asilimia 15, na kwa kuwa joto la waya hufuata mraba wa mkondo, joto liliongezeka kwa theluthi moja. Sehemu iliyopotea haikutoweka: ilikuwa `id` ya kweli, iliyopunguza usumaku nikienda mbele na kuuongeza nikirudi. Ndiyo maana mwendo haukulingana.

Kosa liliingiaje? Nilipima sifuri ya enkoda kwa njia ya kawaida: unapeleka ampea 4 kwenye pembe moja isiyosogea, rota inavutwa hadi inyooke nayo, unasoma enkoda. Ila nilifanya hivyo giaboksi ikiwa imefungwa kwenye mota. Nguvu ya kuvuta hufuata sini ya pembe iliyobaki, kwa hiyo rota inavyokaribia ndivyo inavyolegea. Sini ya 30 ni nusu. Msuguano wa giaboksi ulifikia nusu ya nguvu hiyo, na rota ikagoma palepale. (Baada ya kurekebisha nilipima: giaboksi tupu inahitaji ampea 2 za `iq` ili ianze kusogea. Nilicheka peke yangu.)

Nimerudia kipimo mota ikiwa tupu, safari hii nikiifikisha rota kwenye pembe ile kutoka kulia, kisha kutoka kushoto, na kuchukua wastani, ili msuguano mdogo wa beringi ufutane. Nikarudisha drili. `vq` ikawa 6.0, `vd` ikabaki 0.1, yaani kama digrii moja ya umeme. Enkoda yangu ina hesabu 4096 kwa mzunguko, na hesabu moja ni digrii 0.6 za umeme. Nimefunga giaboksi na kwenda kunawa mikono.