Nilivyofanya hereni za bibi harusi ziache kuelea

Dada mmoja wa Mikindani alipiga picha ya send-ofu bila hereni, mama yake akaniletea zile za dhahabu hapa Mtwara mjini nizipachike kwenye ile picha kwa kompyuta. Nikazipiga picha, nikazikata, nikaziweka, zikawa kama stika tu, yaani zinaelea kabisa.

Nikazumu machoni, kile kijinuru kwenye mboni kiko upande wa kushoto kwa juu, wakati mng'ao wa hereni uko kulia. Basi nikazipiga upya pembeni ya dirisha, mwanga utoke kushoto, na nyuma yake nikaweka kitambaa cha kijani maana gauni lake ni la kijani na dhahabu inaakisi kilicho karibu nayo.

Kivuli ndo kilinichosha. Mwanzo niliweka cheusi, shingo ikaonekana chafu. Nikachukua rangi ya kivuli cha chini ya kidevu chake mwenyewe, ni kahawia yenye wekundu, nikaipaka kwenye leya mpya chini ya hereni, nikaweka Multiply ili rangi itie giza ngozi iliyo chini yake bila kuifunika, nikasogeza kulia na chini kidogo. Karibu na ndewe nimekiacha kikali kwa sababu hereni inagusa ngozi pale, huku chini inakoning'inia mbali na shingo nikakififisha kwa Gaussian Blur.

Nywele sikuzichora. Niliweka Layer Mask kwenye hereni, yaani kinyago kinachoficha sehemu bila kuiharibu picha, nikafuta kwa brashi ya piksel 2 nikifuata nyuzi halisi, mojamoja, na kivuli nacho nikakifuta pale nywele zilipokaa juu yake, hapo ndo hereni ikaingia ndani ya nywele.