Nilivyoigeuza riwaya yangu katikati bila kumuua mtu

Ndugu mmoja anayeandika michezo ya redio, mwenye sauti nzito na uhakika mwingi, alinisikiliza nikilalamika kwamba riwaya yangu inalegea katikati. Akanywa kahawa yangu, akatafuna kashata zangu, kisha akatoa dawa: "Ukurasa wa mia, mlaze mtu chini. Msomaji atashtuka, hadithi itageuka." Ushauri huu nimeshausikia kwa watu wengi hapa Tanga, na naona wakati umefika wa kuupinga hadharani.

Riwaya yenyewe ni hii. Hamza amemaliza chuo Dar, anarudi Tanga kuchukua nyumba iliyoachwa na baba yake, aliyefariki miaka 4 iliyopita. Ni mtoto pekee, na mama alitangulia zamani. Nyumba iko Ngamiani, kwenye mojawapo ya zile barabara zetu za namba. Ndani anamkuta baba yake mdogo, Mzee Salimu, ambaye hataki kuhama, hataki nyumba iuzwe, na kila mwezi ndiye anayepokea kodi ya fremu ya mbele. Hamza anaamini yumo kwenye kisa cha yatima na mla mali, na msomaji anaamini pamoja naye. Nilichotaka ni kwamba tukifika katikati, Hamza agundue kuwa dhuluma ipo kweli, ila aliyedhulumu ni marehemu baba yake.

Kabla sijajua namna ya kulifikisha hilo, nikajaribu dawa ya yule ndugu. Nikaleta lori la mkonge kutoka upande wa Muheza, nikalikatia breki, likamkuta Mzee Salimu na baiskeli yake. Jamani, niliandika! Harufu ya mkonge, kengele ya baiskeli ikilia yenyewe mtaroni, kina mama wakifunga khanga viunoni kwenda kupika ubwabwa wa matanga. Sijawahi kuandika vizuri namna ile. Nikampelekea jirani yangu, fundi cherehani, ambaye ndiye msomaji wangu wa kwanza kwa sababu hana adabu hata chembe linapokuja suala la hadithi. Alilia kweli kwenye mazishi. Akajifuta kwa kipande cha kitambaa cha mteja, akafunua ukurasa uliofuata, akaniuliza: "Haya, si sasa ahamie tu?"

Hapo lori lilikuwa limeshapoteza kazi. Hamza aliamka siku iliyofuata na shabaha ileile ya jana, isipokuwa kikwazo kimemwondokea. Msomaji kashtuka, lakini swali la hadithi halijasogea hata hatua moja. Tangu siku hiyo nina kipimo changu: asubuhi ya baada ya mgeuko, je, mhusika anaweza kuendelea na mpango wa jana? Akiweza, hapo pana tukio tu, hata kama wamekufa watu kumi.

Nikaandika maswali mawili kwenye karatasi nikaibandika ukutani. La nusu ya kwanza: Hamza atampokonyaje ba'mdogo nyumba ya baba? La nusu ya pili: Hamza atamrudishiaje shangazi haki yake bila kumwanika baba kaburini? Angalia kwamba nyumba ni ileile na watu ni walewale. Swali la pili likihitaji mtu mgeni ashuke kwenye basi ndipo lieleweke, basi umeanza kitabu kingine katikati ya hiki.

Yaliyojificha yalikuwa haya. Nyumba aliijenga babu yake Hamza. Babu alipokufa aliacha watoto watatu tu: wa kiume wawili na binti mmoja, shangazi yake Hamza aliyeolewa Pangani. Kwa mirathi ya Kiislamu hapo panatoka mafungu matano: mawili kwa kila mwanamume, moja kwa binti. Mahakama ya mwanzo ikamteua baba yake Hamza kuwa msimamizi wa mirathi, kwa kuwa ndiye mkubwa. Msimamizi kazi yake ni kukusanya mali, kulipa madeni na kugawa. Yule akakusanya, kugawa akasahau, na miaka ikampitia akisema "nyumba yangu" mpaka mwanawe akaamini.

Sasa Hamza ajueje? Wengi wetu tungemtia barua sandukuni, marehemu akiungama kurasa sita. Mimi barua za namna hiyo sizipendi, maana shujaa anakuwa amekaa tu kitandani akisoma. Nikaamua ukweli aufuate mwenyewe, tena akidhani anafuata ushindi. Anakwenda mahakamani kuomba nakala ya jalada la mirathi ya babu ili amfungulie ba'mdogo kesi. Karani anamzungusha, anarudi tena na tena, mwishowe anapewa. Ukurasa wa juu una jina la baba yake na mhuri. Hamza haendelei kusoma. Anakimbilia barazani kwa wazee wa bao, anawanunulia soda wote, anatangaza kwamba Jumatatu Mzee Salimu anatoka na vyombo vyake.

Mzee mmoja aliyekosa miwani anamwambia: "Hebu tusomee, mwanangu, tufurahi pamoja." Hamza anasoma kwa sauti ya juu. Jina la baba, msimamizi. Anafunua. Warithi: la kwanza, la pili, la tatu. Sauti inamshukia kwenye lile la tatu, la mwanamke, na wazee wanatazama bao lao kwa sababu wote walikuwa wanajua. Hakuna anayemweleza kitu. Ushindi na pigo vimo kwenye karatasi ileile, na midomo iliyovitoa ni yake. Sura hiyo ina kurasa tatu na nusu, na kila nilipoongeza sentensi ya kueleza ilipungua nguvu, kwa hiyo nikaacha.

Lakini mgeuko hausimami kwa sura yake peke yake. Jirani aliniuliza swali ambalo kila msomaji ataliuliza: "Huyu Mzee Salimu ana mdomo. Kwa nini hakumwambia kijana toka siku ya kwanza?" Ukikosa jibu hapo umekwisha, msomaji ataona mwenye siri amenyamaza kwa faida ya mwandishi. Jibu nililipata kwa hila ambayo najivunia kuliko riwaya yenyewe. Nilinunua daftari la kaunta, elfu tatu na kitu, nikaiandika nusu nzima ya kwanza upya kwa kinywa cha Mzee Salimu. Si ya kuchapwa, ni ya macho yangu tu. Kila sura ambayo Hamza yumo, nikaingia kwa mlango wa mzee.

Siku ya kwanza Hamza anafika, anamwamkia "Shikamoo ba'mdogo," na hapohapo anauliza habari za hati. Kwenye riwaya mzee anajibu, "Hati zitaongea zenyewe, kula kwanza," na tunamwona mjanja. Kwenye daftari niliandika anachofikiri: kijana ana macho ya kaka yangu, nitamwambiaje siku ya kwanza kwamba aliyemlea alikula haki ya dada yake? Anamsitiri marehemu. Mtu mzima wa pwani hamvui nguo maiti mbele ya mtoto wake, na kwa ajili hiyo yuko radhi aitwe mwizi mtaani. Nilipolipata hilo nikaweka sharti: Mzee Salimu asiseme uongo hata mara moja. Anyamaze, ageuze maneno, akasirike, lakini kila alilotamka liwe kweli ukirudi kulisoma. Nilirudi kwenye riwaya na kalamu nyekundu nikafuta maneno kama "nyumba ni yangu", ambayo nilimwekea mdomoni zamani ili tumchukie haraka.

Dalili nilizibakiza chache. Ninayoipenda ni ya kodi. Kodi ya fremu ni shilingi 150,000. Mzee anazipanga noti za elfu kumi juu ya mkeka: sita huku, sita huku, tatu pembeni. Zile tatu anazifunga kwenye leso na kuzipeleka Pangani. Ningeiacha hivyo, msomaji mwenye akili angeanza kuhesabu. Kwa hiyo nikampa Hamza tafsiri ya kwake, kwamba mzee ana hawara Pangani, na sura nzima inakuwa ya kuchekesha: kijana amejibana kiti cha nyuma cha basi, amejifunika kofia, anamnyemelea ba'mdogo ambaye muda wote anasinzia. Anampotezea kivukoni na kurudi na hasira. Msomaji anacheka na hesabu inampita. Dalili yoyote unayotaka kuificha ipe kazi nyingine pale ilipo, iwe kicheko au ugomvi, isikae pale bila shughuli.

Na zile sita za marehemu? Ndizo zilizokuwa zikimlipia Hamza ada ya chuo. Hilo nalo analijua barazani, akiwa na soda mkononi.

Mahali pa kuweka sura hii pia palinisumbua. Mswada una kurasa kama 220, na mwanzoni niliiweka karibu na ya 170. Ilishangaza, lakini baada yake palibaki nafasi ya kusameheana tu na kula pilau. Swali jipya linahitaji uwanja wa kuchezea. Nikaisogeza hadi kabla ya ukurasa wa 110, na ndipo nikagundua sina nusu ya pili, maana Hamza niliyemwandika alikuwa analia sura baada ya sura.

Kilichomnyanyua ni deni la ujinga wake wa zamani. Nilirudi nyuma nikamfanya apokee arbuni kwa dalali, kwa uhakika wake wote, na sehemu ameshaitumia. Ameshatangaza Jumatatu mbele ya mtaa. Kwa hiyo siku inayofuata shabaha mpya inagongana na matokeo ya ile ya kwanza: dalali anagonga mlango, mnunuzi yuko naye na futi ya kupimia, na karatasi pekee inayoweza kuwazuia ndiyo inayosema baba yake alidhulumu. Akiitoa, anamwanika. Akiificha, shangazi anapotea mara ya pili. Sikuhitaji lori.

Ukiandika hadithi fupi ya kurasa nane usijisumbue na haya yote, hapana nafasi ya maswali mawili. Na kama mhusika wako hakuwa na imani kali tangu mwanzo, hakuna cha kugeuza. Hamza ilibidi nimfanye awe na hakika ya kuudhi, jirani alimchukia hadi ukurasa wa 60.

Sasa tunabishana kuhusu baba. Jirani anataka nimwongezee sura ya kumtetea, eti huenda alitaka kugawa akachelewa. Mimi nimemwachia sentensi moja tu, inayosemwa na shangazi huko Pangani akikuna nazi: "Kaka yangu kila Idi alikuwa akija na kitenge." Jirani anasema haitoshi, na mashine yake ameizima ili nimsikie vizuri.