Mbuyu makofi matatu, mbuzi mawili

Mwaka 2016 nilikuwa nafundisha darasa la kwanza katika shule ya kijiji kimoja wilayani Chamwino. Madawati hayakutosha, kwa hiyo silabi tulikwenda kuzipigia makofi nje, kwenye kivuli cha mbuyu. Kila silabi kofi moja, na penye mkazo mguu unakanyaga. Ka-la-mu: makofi matatu, kishindo kwenye "la". Anayesitasita anashika kidevu chake. Kila kinaposhuka, anahesabu silabi.

Siku hiyo nilitaka "mb". Nikasema, "Mbuzi!" Mbu-zi, makofi mawili, vumbi likatimka. Nikasema, "Mbuyu!" Nikapiga mawili, darasa likanifuata, isipokuwa mtoto mmoja wa kiume aliyepiga matatu.

"Rudia," nikamwambia.

Akarudia taratibu: m, bu, yu. Nikamshika kidevu. Kilishuka mara mbili tu. Nikamwambia amekosea, naye akainamisha kichwa, akapiga mawili kama wenzake. Bado naiona ile shingo ilivyolegea.

Mapumziko nikamsimulia mwalimu mwenzangu, mama mtu mzima aliyelelea madarasa ya kwanza miaka mingi. Akaniuliza, "Mbuyu mingi unaitaje?"

"Mibuyu."

"Na mbuzi wengi?"

"Mbuzi."

"Sasa mwanangu, hiyo 'm' ya mbuyu si ya kuganda kwenye 'b'. Inajitegemea, ndiyo maana kwenye wingi inakuwa 'mi'. Mtoto wa watu kasema kweli."

Nikatamka yote mawili polepole. Kweli, kwenye mbuyu midomo inafumba na sauti inakaa kidogo, mm, kabla ya "bu". Kwenye mbuzi inapita moja kwa moja. Kidevu kilinidanganya kwa sababu "m" husemwa mdomo umefungwa. Hakina pa kushukia. Na daftarini nilikuwa nimeshaona watoto wanaoandika "buyu" wakikusudia mti, nikadhani ni uzembe. Walikuwa wameipoteza silabi ambayo mimi mwenyewe sikuipigia kofi.

Kengele ilipogonga nikawarudisha mbuyuni, nikawaambia mbele ya wote kwamba mwenzao alipatia na mwalimu ndiye aliyekosea. Nikampa yeye aongoze. Mtoto, watoto. Mkate, mikate. Mbuyu, mibuyu.

Kisha binti mmoja akasema, "Mwalimu, na mbu?"

Hapo wingi hausaidii, maana mbu mmoja ni mbu na kumi ni mbu. Tukasikiliza: m-bu. Makofi mawili, na mguu ukaangukia kwenye "m", kwa kuwa mkazo hukaa silabi ya pili kutoka mwisho, na hapo iliyopo ni hiyo tu. Walicheka sana kuikanyagia "m".

Yule kijana akaomba neno lake. "Mbuyuni," akasema, akapiga manne. Wengi walikanyaga kwenye "bu" kwa mazoea. Yeye aliungoja mguu wake, akauachia kwenye "yu".