Siku moja na makocha wanafunzi: mzigo unapanda, lakini unapanda kuelekea wapi?

Saa 11:30 alfajiri

Arusha bado ni giza na baridi. Wanariadha wanavaa viatu ukingoni mwa uwanja, na makocha wanafunzi wanapita na daftari wakiuliza maswali mawili tu: ulilalaje, na ulipotoka kitandani hatua zako za kwanza zilikuwaje?

Swali la pili ndilo tunalolisisitiza. Kano ya kisigino inapoanza kuelemewa, mara nyingi haimsumbui mtu akiwa anakimbia, kwa sababu imeshapata joto. Inajionyesha asubuhi, kwa kukaza. Kukaza kunakoisha baada ya hatua kumi kunaandikwa tu. Kukidumu dakika kadhaa, na kesho yake kukazidi, mwanariadha huyo haongezewi kitu leo, hata kama yeye mwenyewe anasema yuko fiti.

Saa 12:15 asubuhi

Tuna mwanariadha mmoja wa mfano ambaye mafunzo yote ya muhula yanamzunguka. Anakimbia mita 5000 kwa dakika 16 na sekunde 40, yaani kila mzunguko wa mita 400 kwa sekunde 80. Anataka 16:15. Hapo kila mzunguko unakuwa sekunde 78, na kila kilomita dakika 3 na sekunde 15. Sekunde mbili kwa mzunguko zinaonekana kidogo, lakini lazima azirudie mara kumi na mbili na nusu bila kusimama.

Zoezi la leo ni mizunguko 12 ya mita 400, kila mmoja kwa sekunde 78, na mapumziko ya sekunde 60 katikati. Kocha mwanafunzi ameshika saa. Hizi ndizo nambari alizoandika:

74, 74, 75, 75, 76, 77, 79, 80, 81, 82, 82, 81.

Anajumlisha, anapata 936, anagawa kwa 12, anapata 78 kamili. “Mwalimu, ametimiza.”

Hajatimiza. Tunamrudisha kwenye daftari asome nambari moja moja, aache wastani. Mizunguko minne ya mwanzo ni kasi ya mbio fupi kuliko mita 5000, na minne ya mwisho ni polepole kuliko hata kasi anayoimudu tayari. Katika mizunguko yote 12 hakuna hata mmoja uliotua kwenye 78. Mwili wake leo umejifunza kuanza kwa pupa na kuvumilia kuishiwa, na hicho ndicho utakachofanya siku ya mashindano. Huu ndio umahususi kwa lugha ya uwanjani: mwili unazoea kile ulichoufanyia hasa, wala si kile ulichokiandika kwenye ratiba.

Dawa yake si maneno mengi. Weka alama kila mita 100, kipyenga kilie kila baada ya sekunde 19.5, na mwanariadha awe kwenye alama kipyenga kinapolia. Akiwahi alama ya kwanza, anapunguza hapohapo, hasubiri mzunguko uishe.

Saa 3:00 asubuhi

Baada ya chai tunaingia darasani. Swali lililoandikwa ubaoni: amemaliza mizunguko 12 kwa sekunde 78 vizuri, wiki ijayo unamwongezea nini?

Karibu kila mwanafunzi anajibu kasi: apelekwe 76. Jibu hilo linavutia kwa sababu linaonekana kwenye saa. Lakini 76 siyo mbio zake. Ukiongeza kasi unahama kwenye lengo, na mazoezi yanabadilika kuwa ya mbio nyingine. Kwake kasi ndiyo inayobaki mahali pake. Kinachobadilika ni urefu wa kipande na mapumziko.

Tunalijenga hivi. Hatua ya kwanza ni ile ya leo: mita 400 mara 12, mapumziko sekunde 60. Hatua ya pili ni mita 800 mara 6, kila moja kwa dakika 2:36, mapumziko sekunde 90. Hatua ya tatu ni kilomita moja mara 5, kila moja kwa 3:15, mapumziko sekunde 90 zilezile. Umbali ni ule ule au karibu yake: 4800, 4800, 5000. Sasa hesabuni mapumziko. Katika hatua ya kwanza anapumzika mara 11, jumla dakika 11. Ya pili, mara 5, dakika 7 na nusu. Ya tatu, mara 4, dakika 6. Mzigo umepanda sana bila kasi kuguswa, na kila hatua inafanana zaidi na mbio zenyewe, ambazo mapumziko yake ni sifuri.

Kila hatua tunaipa wiki mbili. Wiki ya kwanza kwa kawaida inamtoa jasho, ya pili inaonyesha kama imemwingia. Tunajuaje? Tofauti kati ya kipande chake cha kasi zaidi na cha polepole zaidi isizidi sekunde 2 kwa mita 400, na awe amemaliza akiamini angeweza kuongeza kipande kimoja. Asipofika hapo anarudia. Kurudia hatua hakumrudishi nyuma, na hili wanafunzi wanachelewa kulikubali kuliko jambo lolote lingine.

Saa 5:00 asubuhi

Kilomita za wiki. Mwanariadha wetu anakimbia 50. Mwanafunzi mmoja ameandika 50, 55, 60, 66, akifuata ile kanuni ya asilimia kumi kila wiki. Kanuni hiyo ni ya kujikumbusha tahadhari tu. Anayekimbia kilomita 20 anaweza kuongeza zaidi ya 2 bila shida, na wa kilomita 100 akiongeza 10 kila wiki hatafika mbali.

Tatizo kubwa la mpango ule ni jingine: kilomita zinapanda wiki ileile ambayo vipande vinatoka mita 400 kwenda 800. Akiumia hatutajua ni kipi kilichomuumiza. Na ataumia mahali ambapo pumzi haiwezi kumwonya, maana moyo na damu huzoea ndani ya wiki chache, ilhali mfupa unahitaji miezi. Mwanariadha anajisikia mwepesi kabla mguu wake haujawa tayari.

Kwa hiyo tunaandika upya: 50, 54, 54, kisha wiki ya nne 44, halafu 54 tena kabla ya kwenda 58. Wiki ambayo vipande vinarefuka, kilomita hazipandi.

Hapa tunawafundisha kupapasa ugoko. Pita na kidole gumba taratibu kwenye ukingo wa ndani wa mfupa, kutoka juu ya kifundo kwenda juu. Maumivu yaliyosambaa kwa urefu wa kiganja, yanayopungua akishapasha mwili joto, yanataka mzigo upunguzwe. Maumivu ya sehemu moja unayoweza kuifunika kwa ncha ya kidole, yanayozidi anavyokimbia au kumwamsha usiku, yanataka aache kukimbia siku hiyohiyo na apelekwe hospitali. Inaweza kuwa ni ufa kwenye mfupa, na picha ya kawaida ya eksirei ikipigwa mapema inaweza isiuonyeshe. Majibu safi ya eksirei si ruhusa ya kurudi uwanjani.

Saa 9:00 alasiri

Chumba cha vyuma. Wanafunzi wanauliza kwa nini skwati ziwe siku ileile ya mizunguko. Ni kwa sababu Jumatano ni siku ya kukimbia taratibu, na tukiweka chuma Jumatano hatutabaki na siku nyepesi hata moja. Siku ngumu inabeba ugumu wote, siku nyepesi inabaki nyepesi.

Anabeba kilo 40, seti 3 za marudio 6, mara mbili kwa wiki. Hatuongezi uzito kwanza, tunaongeza marudio: 6, kisha 7, kisha 8. Akifanya seti zote tatu za 8 huku akibakiza marudio mawili ambayo angeweza kuyafanya, tunaweka pleti ya kilo 1.25 kila upande. Inakuwa 42.5, na marudio yanarudi 6.

Hapo kuna mwanafunzi anayepiga hesabu na kushtuka. Mara 3 kwa 8 kwa 40 ni kilo 960. Mara 3 kwa 6 kwa 42.5 ni 765. Mbona tumeshuka? Tumeshuka makusudi, ili uzito mpya uingie kwenye mwili usiochoka. Akifika tena marudio 8 jumla ni 1020, na ndipo anapoona kupanda kwenyewe.

Mahali pengi pleti ndogo kuliko zote ni ya kilo 2.5, kwa hiyo nyongeza ndogo kabisa ni kilo 5. Kwa anayebeba 40 huko ni kuruka sehemu moja ya nane. Basi asubiri mpaka afikishe marudio 10 kabla ya kuruka. Anayeruka mapema utamwona anapoinuka: makalio yanatangulia juu, kifua kinabaki chini, na kazi ya mapaja inahamia kiunoni.

Njia hii ya kupandisha uzito kwa mpango ina historia. Thomas DeLorme, daktari wa jeshi la Marekani aliyewahudumia askari waliojeruhiwa katika Vita vya Pili vya Dunia, alianza kwa seti 7 hadi 10 za marudio 10. Mwaka 1948, yeye na mwenzake Watkins walizipunguza kuwa 3: nusu ya uzito, robo tatu, kisha uzito wote. Nusu na robo tatu bado tunazitumia leo kama ngazi za kupasha mwili.

Saa 10:30 jioni

“Mwalimu, huyu ni wa mbio ndefu. Si ingekuwa mahususi zaidi akifanya skwati 30 kwa uzito mwepesi?”

Swali zuri, na ndipo wengi wanapotelea. Ustahimilivu anaupata barabarani, kilomita 54 kila wiki. Chuma chepesi mara 30 hakimwongezei kitu asichokuwa nacho. Barabara haimpi nguvu ya kusukuma ardhi katika muda mfupi ambao unyayo unaigusa, takribani sehemu ya tano ya sekunde. Kwa hiyo baada ya wiki sita za marudio 6 hadi 8 tunakwenda seti 4 za marudio 4, uzito mkubwa zaidi, mapumziko dakika 3. Kufanana kwa sura pia kunadanganya. Kukimbia na vizito vya vifundoni kunaonekana mahususi, kumbe kunabadilisha namna mguu unavyorushwa, na kumfundisha mwendo ambao hatautumia.

Kwa mashavu ya miguu tunatumia ngazi ya mlangoni. Ncha ya mguu mmoja juu ya kidato, kisigino kinashuka chini ya usawa wake, kinapanda hadi juu kabisa. Seti 3 za 8, halafu 12, halafu begi lenye kilo 5 mgongoni na kurudi 8. Nusu ya seti zifanywe goti likiwa limekunjwa kidogo, maana huko ndiko msuli wa ndani wa shavu unakobeba kazi yake, na mkimbiaji hukanyaga goti lake likiwa limekunjwa.

Saa 12:00 jioni

Tunarudisha mipango iliyosahihishwa. Kwenye mmoja tumezungushia wino mwekundu mahali pa mashindano: Dar es Salaam. Mpango wote umeandikwa kwa asubuhi za Arusha, mita 1400 juu ya usawa wa bahari, hewa kavu na ya baridi. Joto na unyevu wa pwani ni mzigo mwingine kabisa, na mwili unahitaji siku 10 hadi 14 kuuzoea. Mwanafunzi anauliza kama aongeze mbio za saa sita mchana. Ndiyo, mbio za taratibu, dakika 30 kwanza, zikipanda hadi 60, lakini wiki hizo mbili vipande visirefuke.

Anafuta kilomita moja mara 5 kwenye wiki ya kumi, anaandika tena mita 800 mara 6.